Hotuba ya Shangazi kwa Bibi Arusi katika Mji wa Dar es Salaam

Neno shangazi limezoeleka mno katika Kiswahili, hata ni nadra mtu kusimama akauliza limejengwa kwa vipande gani. Ukiliweka karibu na ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu, maana yake ya kale hujitokeza yenyewe. Wazulu humwita dada wa baba babekazi, na hapo kila mtu huona neno baba likifuatwa na kiambishi cha kike, -kazi. Wanyankole husema ishenkazi, na sehemu ya kwanza ya neno hilo ni jina la baba. Shangazi wa Kiswahili ni wa ukoo huohuo wa maneno: ni baba wa kike. Sauti ng iliyo katikati yake ni ya kuangaliwa, kwa kuwa kwa kanuni za Kiswahili nk ya kale hugeuka kuwa k yenye pumzi, wala haiwi ng. Yaani neno hili halikupita njia iliyopitwa na mengine. Lakini hitilafu hiyo ya sauti haipunguzi nguvu ya maana. Mwanamke anayesimama mbele ya watu jioni ya kumuaga bibi arusi, akajifunga kanga kiunoni na kusema, "Mwanangu, nisikilize", anasema kwa kauli ya baba, ingawa sauti ni ya mwanamke.

Makala haya yanachunguza jinsi kauli hiyo ilivyopata nafasi yake katika arusi za Dar es Salaam, hasa katika mitaa ya Kariakoo na Ilala, na jinsi maneno yake yalivyopangika. Yafaa kusema mapema kwamba nafasi hiyo si ya kale kama wengi wanavyodhani. Watu wa mjini hupenda kuiita hotuba ya shangazi "mila yetu", na kwa hakika vipande vyake ni vya mila. Lakini kusanyiko lenyewe, pamoja na desturi ya shangazi kusema hadharani mbele ya watu wa pande zote mbili, ni kazi ya mji.

Katika maandishi ya kale ya Kiswahili shangazi si msemaji mkuu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ndio wosia mashuhuri kupita wote aliopewa mwanamwali wa Kiswahili, na msemaji wake ni mama. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, naye alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake, Mwana Hashima, beti zile zinazokaribia mia na mbili. Humo mna mambo ya dini, ya adabu, ya usafi, ya manukato na ya kumtunza mume hata awapo usingizini. Lakini kuna mpaka ambao mama hauvuki. Mambo ya ndani kabisa hayamo, wala hayakuhitaji kuwamo, kwa maana yalikuwa na mwalimu wao.

Mwalimu huyo anaonekana wazi katika maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yaliyopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Huyo ndiye kungwi, ambaye mahali pengine huitwa somo. Kungwi humfunda msichana anapovunja ungo. Arusi inapofika huandamana naye, na huwa karibu naye katika siku saba za fungate. Kazi yake ni ya chumbani. Hasimami mbele ya mkutano, na mafundisho yake, ambayo huitwa mizungu, hayasemwi mbele ya asiyefundwa. Maneno yenyewe hujificha: mengi huimbwa kwa fumbo, na maana huelezwa baadaye kwa aliyestahili kuelezwa. Hata neno kufunda lina mlango wa siri ndani yake. Kuna kufunda kwa maana ya kufundisha, ambako tumepata fundi na mafunzo, na kuna kufunda kwa maana ya kutwanga kinuni. Makungwi hawakuhitaji kamusi kuona kwamba maneno mawili ya sauti moja yanaweza kuchezeshwa pamoja, na kinu na mchi ni miongoni mwa vyombo vyao vya kufundishia.

Basi katika hali ile ya kwanza kulikuwa na sauti mbili, na kila moja na mahali pake: mama alitoa wosia wa adabu na dini, kungwi alitoa mafundisho ya chumbani. Shangazi alikuwapo, alikula na kushangilia, na katika baadhi ya nyumba alikuwa na haki zake katika mahari. Lakini hotuba haikuwa yake.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya nyumba. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ikawa makao makuu ya Wadachi mwaka 1891, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaendeleza mitaa ya Waafrika upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja. Jina la Kariakoo ni ukumbusho wa vita hivyo: wapagazi wa kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Keria Koo walikusanywa pale, katika jengo la soko ambalo Wadachi hawakuwahi kulitumia, na mwaka 1923 soko likafunguliwa. Mitaa iliyolizunguka ilijengwa nyumba za namna moja, ambazo hata leo huitwa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, kisima au bomba, na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliwakuta Wazaramo ndio wengi kupita kabila lingine lolote, lakini katika ua mmoja waliweza kukaa Mzaramo, Mrufiji, Mnyamwezi, Mluguru na Mmanyema, wakichota maji mahali pamoja.

Sasa msomaji na afikiri arusi katika ua kama huo. Kwa Wazaramo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Msichana hufundwa kwa desturi ya mkole, na kungwi wake huchaguliwa kwa utaratibu wa kwao. Kwa watu wengi wa bara, kama Wahaya na Wachaga, ukoo hufuatwa kwa upande wa baba, na dada wa baba ndiye mwenye neno kwa binti wa kaka yake. Ng'ambo ya Ziwa, kwa Waganda, ssenga ndiye hasa mwalimu wa mwanamwali. Juu ya desturi hizo zote kuna sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa na wakazi wengi wa mitaa hiyo, ambayo walii wake wa ndoa hutoka upande wa baba. Watu wa asili mbalimbali walipooana ua kwa ua, ilikuwa vigumu kukubaliana juu ya kungwi, kwa kuwa mizungu ya Wazaramo si mizungu ya Wamakonde, na asiyefundwa kwa mkole hawezi kuingia katika mambo ya mkole. Lakini kila kabila lilikuwa na dada wa baba. Shangazi alikuwa cheo ambacho kila mmoja alikifahamu bila kueleza, na maneno yake hayakuwa na siri ya jando wala unyago. Ndiye aliyeweza kusema mbele ya wote.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ni safari. Aghalabu shangazi hakukaa mjini. Alitoka Kisarawe, au Rufiji, au Kilwa, au mbali zaidi bara, akafika siku mbili tatu kabla ya arusi na mzigo wa mchele na nazi. Somo wa mjini, aliyemjua msichana tangu utoto, alikuwa amekwisha fanya kazi yake chumbani. Mgeni huyu mwenye haki ya ukoo asingeweza kuwekwa jikoni akae kimya mpaka siku ya kuondoka. Akapewa jioni ya kuaga.

Tena wanawake wa mji huu walikuwa wamekwisha zoea kusimama na kusema mbele ya wenzao. Vyama vya ngoma vya lelemama na bomba, ambavyo Bibi Titi Mohamed alikuwa mmoja wa waimbaji wake kabla ya kuwaingiza wanawake wengi katika TANU mwaka 1955, vilikuwa na viongozi, na makusanyiko, na adabu za kumpa mtu nafasi ya kusema na kumshangilia. Mtu akilinganisha adabu za jioni ya kuaga na zile za vyama hivyo, ataona udugu wao: msemaji hutangazwa, hupokewa kwa vigelegele, hutunzwa fedha katikati ya maneno yake, na anapokawia kumaliza hukatizwa kwa wimbo. Kungwi katika chumba chake hakukatizwa kwa wimbo.

Ni vema sasa kuitazama hotuba yenyewe. Maneno yatakayowekwa hapa si ya mtu mmoja. Yamepangwa kwa kufuata mwendo wa kawaida wa hotuba hizi, ili sehemu zake zionekane. Bibi arusi amekaa mkekani, amefunikwa kanga mbili mpaka usoni, na mara nyingi kanga hizo ni za kisutu, zenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kichwa ameinamisha. Hajibu neno, na kutojibu kwake ni sehemu ya hotuba. Wanawake wa upande wa bwana arusi wamekaa mbele, mahali pa heshima: mama mkwe au mwakilishi wake, na mawifi.

Shangazi huanza kwa kujitambulisha, lakini hajitambulishi kwa jina lake. "Mimi na baba yako tumenyonya ziwa moja. Anayekuambia leo ni baba yako." Baada ya hapo humrudisha msichana utotoni: jinsi alivyoumwa, jinsi alivyolelewa, nani alimbeba mgongoni. Wasikilizaji wa upande wa pili wanaelewa kwamba wanatajiwa thamani. Mahari ya Kiswahili yalikuwa na vifungu vinavyosema jambo hilohilo kwa fedha: ubeleko kwa ajili ya nguo aliyobebewa mtoto, mkaja kwa ajili ya mshipi wa tumbo la mama, kilemba kwa upande wa wanaume. Anachokifanya shangazi katika sehemu hii ya kwanza ni kuzisoma hesabu hizo kwa maneno.

Kisha huja maagizo, nayo karibu yote hufungwa kwa kitenzi cha kukanusha: "Usitoke bila kuaga. Usimjibu mama mkwe wako ukiwa umempa kisogo. Usihesabu fedha ya mumeo mbele ya jirani. La chumbani lisifike uani." Katika nyumba ya Kiswahili maneno haya ya mwisho si mafumbo tu. Ua ulikuwa wa wapangaji sita, ukuta wa chumba ulikuwa wa miti na udongo, na neno lililosemwa usiku lilichotwa asubuhi pamoja na maji. Agizo la kutunza siri, ambalo mtu wa leo aweza kuliona kuwa la kumziba mwanamke mdomo, lilikuwa pia busara ya mtu anayeijua nyumba ile. Hata hivyo haliwezi kuachwa hapo, kwa kuwa siri hiyo ndiyo iliyofunika mapigo.

Hapo ndipo hotuba hufikia neno lake zito, kuvumilia. "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu." Hakuna hotuba isiyokuwa na neno hilo, na wengi walioziandikia hotuba hizi wameishia hapo, wakahukumu kwamba shangazi humfunga msichana. Hukumu hiyo ina haki yake, lakini haikusikiliza mpaka mwisho. Katika hotuba iliyokamilika, baada ya kuvumilia hufuata sentensi moja yenye -ki-, na sentensi hiyo hubadilisha mtendaji. Mpaka hapo mtendaji wa kila kitenzi alikuwa wewe: usitoke, usijibu, vumilia. Sasa ni yeye: "Akikuchoka, asikupige wala asikutupe. Akurudishe alikokutoa, atukute tupo." Msichana hakuagizwa jambo lolote katika maneno hayo. Hawezi kuyatii wala kuyavunja. Aliyeagizwa ni mtu ambaye hayupo mkekani, na waliokaa mbele ndio watakaompelekea ujumbe.

Jambo hili ndilo kiini cha hotuba yote, na ndilo linalopotea inapoandikwa kwenye karatasi kama orodha ya nasaha. Kwa sarufi yake hotuba humwambia bibi arusi. Kwa kazi yake nusu yake huwaambia wakwe. Shangazi hana haki ya kumwamuru mama mkwe wa mwanawe mbele ya watu; ingekuwa utovu wa adabu, na arusi ingeharibika usiku uleule. Lakini ana haki kamili ya kumwamuru binti wa kaka yake, na kila anachomwambia binti huyo husikiwa. Asemapo, "Ukikuta chakula hakijatosha, wape wakwe zako kwanza, wewe tunakujua hukuzoea kulala na njaa", maneno yanamwelekea binti, na ahadi inaombwa kwa wakwe. Mawifi hujibu kwa vigelegele, na vigelegele hivyo ni sahihi. Wakikaa kimya, kila aliyepo hutambua kwamba neno halikupokewa, na mara nyingi shangazi mwenye uzoefu hulirudia kwa umbo jingine mpaka lipokewe.

Ustadi ni kujua kipimo. Fumbo likiwa jepesi mno, wakwe hulichukulia kuwa mzaha. Likiwa kali mno, hugeuka kijembe, na mji huu una masikio makali kwa vijembe, uliokwisha kulelewa kwa taarabu za Ejiptian na Al-Watan na kwa majina ya kanga. Shangazi akimpa bibi arusi doti ya kanga mbele ya watu, jina lililoandikwa juu yake husomwa na wote kabla hajafungua kinywa. Kanga iliyochaguliwa kwa haraka katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, kwa kutazama rangi bila kusoma maneno, imepata kuzua ugomvi ambao hotuba nzuri haikuweza kuuzima.

Sheria ya nchi iliingia katika mazungumzo haya mwaka 1971. Sheria ya Ndoa ya mwaka huo ilisema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Ukiiweka sentensi hiyo kando ya "asikupige wala asikutupe", utaona kwamba mambo mawili yanafanana kwa maneno na kutofautiana kwa nguvu. Sheria inaikataa haki ya kupiga moja kwa moja. Shangazi alikuwa ameweka sharti la kurudisha, yaani aliipa familia ya msichana wajibu wa kumpokea. Mlango wa sheria uko mahakamani, mlango wa shangazi uko nyumbani kwake. Kwa msichana aliyeolewa mtaa wa pili, mlango wa shangazi ulikuwa karibu zaidi. Lakini ulikuwa na bawaba mbovu: familia iliyokwisha kula mahari haikuwa na haraka ya kumpokea mtu ambaye kurudi kwake kungedai fedha zirudishwe, na mara nyingi neno alilorudishwa nalo lilikuwa lilelile, kavumilie.

Pigo la pili la sheria lilikuwa kubwa zaidi kwa lugha ya hotuba, ingawa lilisikika polepole. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango wake katika mali iliyochumwa pamoja. Kabla ya hapo kupika, kufua na kulea kulitajwa na shangazi kama wajibu tu, kwa vitenzi vya amri. Baada ya hapo, na hasa mawakili wanawake walipoanza kutoa elimu ya sheria mjini, ilianza kusikika sentensi ya namna nyingine: "Weka risiti zako. Nyumba ikijengwa, jina lako liwepo." Neno risiti katika hotuba ya shangazi ni jambo geni, nalo limekaa mahali palepale pa zamani, baada ya kuvumilia, katika sehemu ya sharti. Umbo la kale limepokea maudhui mapya bila kuvunjika.

Hapana budi kutaja kwa ufupi mageuzi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana kwa macho. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na bidhaa za ng'ambo zikajaa tena madukani, ilienea mjini desturi mpya yenye jina la Kiingereza, kicheni pati, ambayo wanawake humkusanyia bibi arusi vyombo vya jikoni na kumpa nasaha, na kando yake sendofu, ambayo ni karamu ya familia ya msichana kumuaga mbele ya wanawake na wanaume. Kamati huchaguliwa, kadi za michango hugawanywa, sare hununuliwa Kariakoo kwa jora zima ili rangi isipishane, masufuria na seti za vikombe hupatikana katika maduka yanayolizunguka soko. Soko lenyewe lilikuwa limekwisha pata jengo jipya, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua Julai 2021. Uani hapatoshi tena. Watu hukodi ukumbi.

Ukumbi umefanya mambo mawili kwa hotuba. La kwanza ni kipaza sauti. Fumbo linalofaa kusemwa kwa sauti ya chini, huku msemaji akimtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho, haliwezi kupita katika chombo kinachosikika mpaka barabarani. Mashangazi wengi hushika kipaza sauti wakatoa maneno ya jumla ambayo hayamgusi mtu, na ile sentensi ya sharti huachwa kwa kuwa inaonekana kuleta mkosi mbele ya picha za video. Ndiyo ishara rahisi ya kutambua hotuba iliyopungua: hesabu vitenzi vyenye usi-, kisha utafute -ki- yenye kumtaja mume, ukikosa, basi nusu ya wasikilizaji hawakuambiwa neno.

La pili ni kungwi wa kukodiwa. Mambo ya chumbani, ambayo somo aliyafundisha kwa siku nyingi nyuma ya mlango, sasa huonyeshwa kwa saa moja na mtu aliyelipwa, mbele ya wageni mia, wengine wakiwa ni wasichana wasiofundwa. Wazee hulalamika kwamba siri imetolewa nje, na malalamiko yao si ya aibu tu. Mizungu ilikuwa na hatua. Fumbo lilitangulia, maana ikafuata baada ya mwanafunzi kujaribu kulifumbua mwenyewe. Maana ikitolewa pamoja na fumbo, kinachobaki ni kichekesho, na watu hucheka kweli. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika hali hii shangazi na kungwi wamebadilishana mahali. Kungwi ametoka chumbani akapanda jukwaani, na shangazi, ambaye jukwaa lilikuwa lake, anatafuta chumba.

Mara nyingi hukipata. Karamu ikikaribia kwisha, mziki ukiwa juu na wageni wakigombea chakula, shangazi humshika bibi arusi mkono na kumwingiza katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, palipowekwa masanduku na vyombo vya zawadi. Hawakai sana. Hakuna mgeni, wala kipaza sauti, wala wifi. Msichana amefunua uso na anaweza kujibu. Wanaotoka humo husema kwamba maneno yalikuwa machache: namba ya simu ambayo haizimwi, jina la jirani wa kuaminika karibu na huko aendako, fedha kidogo zilizofungwa katika pindo la kanga, na agizo kwamba fedha hizo zisitumiwe kwa jambo lolote ila nauli.